Mbinu na Matokeo: Jaribio la Kubadilishana la Kidonge cha Shinikizo la Damu

Mbinu za uchambuzi. Washiriki 24 waligawanywa kwa bahati nasibu katika mifuatano miwili: dawa kisha kidonge bandia, au kinyume chake. Kila kipindi kilidumu wiki 4, na kati yake wiki 2 bila dawa. Tulichambua sistoli ya mwisho wa kila kipindi kwa modeli mchanganyiko:

```
sistoli ~ matibabu + kipindi + mfuatano + (1 | mshiriki)
```

Athari ya masalia ya dawa ilipimwa kwa kulinganisha jumla ya vipindi viwili kati ya mifuatano. Hatukuifanya kigezo cha kuchagua uchambuzi, kwani kutupa kipindi cha pili kwa sababu ya kipimo dhaifu kama hiki hupotosha matokeo. Kinga yetu ilikuwa mapumziko yenyewe.

Matokeo. Mshiriki mmoja wa mfuatano wa pili alijitoa baada ya kipindi cha kwanza. Data yake ilibaki kwenye modeli. Dawa ilishusha sistoli kwa mmHg 6.2 (masafa ya uhakika ya 95%: 3.0 hadi 9.4, p<0.001). Kipindi cha pili kilikuwa chini kwa 2.5 (−0.7 hadi 5.7; p=0.12). Ndiyo maana walioanza na dawa walionyesha tofauti ya 3.7 tu, na walioanza na kidonge bandia 8.7.

Tofauti ya jumla ya vipindi viwili kati ya mifuatano ilikuwa −2.4 (−24.4 hadi 19.6; p=0.82). Masafa haya ni mapana mno: hayathibitishi kwamba masalia hayakuwepo.