Taarifa ya Kupanda kwa Kodi ya Nyumba

1 Machi 2026

Kwa mpangaji wa nyumba namba 4

Ndugu mpangaji, salaam.

Kuanzia tarehe 1 Juni 2026, kodi ya nyumba unayoishi itapanda kwa asilimia 8. Yaani kwa kila 100 unayolipa sasa, utalipa 108. Hadi mwisho wa Mei utaendelea kulipa kodi ya sasa, na amana yako haiongezwi.

Sababu ni pampu mpya ya maji na mabati yaliyobadilishwa juu ya jiko, pale palipokuwa pakivuja. Najua ulivumilia ndoo sakafuni msimu mzima wa mvua, ahsante.

Masharti mengine ya mkataba yanabaki vilevile. Kiwango hiki kikikulemea, tafadhali nione kabla ya tarehe 30 Aprili tuzungumze.

Wako,
Mwenye nyumba