Alamu za pampu ya dripu: tafsiri kwa wauguzi wa wodi ya watoto na chumba cha wagonjwa mahututi

Toleo la pili. Nakala moja ifungwe kwenye kila stendi yenye pampu, upande unaosomeka mtu akiwa amesimama kitandani.

Pampu zetu sita za msaada zinaandika kwa Kiingereza tu, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Kwa hiyo maneno ya skrini yameachwa kama yalivyo, kwa herufi kubwa, ili uyalinganishe na unachokiona. Chini yake ni maana, kisha cha kufanya. Tafsiri haikufuata kitabu cha mashine neno kwa neno. Pale ambapo neno lilimpoteza muuguzi wakati wa majaribio, tulilibadilisha.

Kabla ya kusoma skrini

Taa nyekundu inayomwekamweka, na mlio wa pigo kumi unaorudiwa: dripu imesimama au kuna hatari sasa hivi. Acha unachofanya. Taa ya njano inayomwekamweka, na mlio wa pigo tatu: shughulikia mapema, kabla haijageuka nyekundu. Njano isiyomwekamweka ni taarifa tu.

Mtazame mgonjwa kwanza, skrini baadaye. Anapumua vipi, mkono wenye kanula ukoje, nani amelala juu ya mrija. Kitufe cha MUTE kinanyamazisha mlio kwa dakika 2 na hakifanyi kitu kingine chochote. Dripu iliyosimama inabaki imesimama.

OCCLUSION DOWNSTREAM
*Njia imeziba upande wa mgonjwa. Nyekundu.*

Toleo la kwanza lilisema "kizuizi mkondo wa chini". Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliinama kutafuta kizuizi chini ya kitanda, na hakuwa na kosa, karatasi ndiyo iliyomtuma huko. Soma hivi: kati ya pampu na mgonjwa, kuna mahali maji hayapiti.

Fuata mrija kwa vidole kuanzia kwenye pampu hadi kwenye kanula. Sababu za kawaida ni kibano kilichosahaulika, koki iliyogeuzwa upande mbaya, mtoto aliyekunja kiwiko, mrija uliobanwa na reli ya kitanda, au damu iliyoganda kwenye kanula.

Ukiona kibano kimefungwa, usikifungue papo hapo. Pampu imekuwa ikisukuma muda wote huo, na mrija umejaa presha. Ukiachia ghafla, dawa iliyojikusanya itaingia kwa mkupuo. Kwa maji ya kawaida si jambo kubwa. Kwa adrenalini, dopamini, mofini, insulini au potasiamu, mkupuo mdogo tu unaweza kumbadilisha mgonjwa mbele ya macho yako. Fanya hivi:

1. Bonyeza STOP.
2. Hakikisha njia ya mgonjwa imefungwa, kwa koki au kwa kibano kilicho karibu na kanula.
3. Toa presha upande wa pili: geuza koki ili mrija umwagike kwenye pamba safi, au tenganisha mrija na kanula kwa mikono safi.
4. Ondoa kilichoziba, unganisha tena, fungua njia ya mgonjwa, kisha START.

Kanula ikiwa ndiyo iliyoziba, usisukume kwa bomba la sindano kwa nguvu. Donge litaingia kwenye mshipa. Weka kanula mpya.

Kuna jambo ambalo kitabu cha mashine kimeliweka mwishoni kwa herufi ndogo, nasi tumelileta hapa kwa sababu ndilo linalotuhusu wodi ya watoto: kasi ikiwa ndogo, alamu hii inachelewa. Chukulia mrija unahitaji kujaza ml 1 ya ziada ndipo presha ifike kikomo. Kwa 60 ml/h, pampu italia baada ya dakika 1. Kwa 3 ml/h, ni dakika 20. Mtoto anayetegemea dopamini atakuwa amekosa dawa dakika zote hizo huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Ndiyo maana kwenye kasi ndogo tunakagua koki na vibano kila tunapopita, hata kama mashine imetulia.

OCCLUSION UPSTREAM
*Njia imeziba upande wa chupa. Nyekundu.*

Maji hayafiki kwenye pampu. Tazama kibano cha gurudumu juu ya pampu, mrija uliokunjika chini ya chemba, na chupa iliyokwisha. Kama ni chupa ngumu ya plastiki au ya kioo, angalia kama kitundu cha hewa cha chemba kimefunguliwa. Upande huu hauna hatari ya mkupuo.

AIR IN LINE
*Hewa kwenye mrija. Nyekundu.*

Hatukuandika "hewa kwenye laini", kwa sababu laini kwa kila mtu hapa ni ya simu.

Bonyeza STOP. Funga njia ya mgonjwa. Funga kibano cha gurudumu. Ndipo ufungue mlango wa pampu. Kama ni viputo vidogo karibu na pampu, nyoosha mrija na uugonge kwa ukucha mpaka viputo vipande juu hadi kwenye chemba. Kama hewa ni ndefu au imevuka pampu kuelekea kwa mgonjwa, tenganisha mrija na kanula kabisa, kisha jaza upya maji yakitiririka kwenye bakuli. Kitufe cha PRIME kisibonyezwe kamwe mrija ukiwa umeunganishwa na mgonjwa. Kitufe hicho kinasukuma hewa na dawa pamoja, na wakati huo kitambuzi cha hewa huwa kimezimwa.

Alamu ikirudi kila baada ya dakika chache, tafuta chanzo. Chemba huenda ina maji chini ya nusu, au chupa imetoka kwenye friji sasa hivi na hewa iliyoyeyuka inajitoa kadiri maji yanavyopata joto.

Mgonjwa akianza kuhema, kukohoa au kubadilika rangi baada ya hewa kupita: funga mrija, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni, ita daktari wa zamu kwa sauti.

DOOR OPEN
*Mlango wa pampu uko wazi. Nyekundu.*

Kwa tafsiri ni maneno machache, kwa hatari hakuna inayoizidi humu. Pampu inabana mrija wakati mlango umefungwa. Ukifungua mlango kibano cha gurudumu kikiwa wazi, chupa nzima inaweza kuteremka kwa uzito wake. Kibano kwanza, mlango baadaye. Tumeweka utepe mwekundu kwenye mlango wa kila pampu kukumbusha hilo. Usiubandue hata ukichakaa, omba mwingine.

NEAR END OF INFUSION
*Inakaribia kwisha. Njano.* Andaa chupa inayofuata.

INFUSION COMPLETE – KVO
*Kiasi ulichopanga kimekwisha. Sasa pampu inalinda mshipa usizibe. Njano.*

Pampu haijui chupa ina nini. Inajua tu namba uliyoweka kwenye VTBI, yaani jumla ya ml za kupeleka. Ukiweka 400 kwenye chupa ya ml 500, italia zikiwa zimebaki 100. Ukiweka 500 kwenye chupa ya 500 uliyoongezea ml 20 za dawa, ml 20 hazitamfikia mgonjwa.

KVO ni kasi ndogo ya kuzuia damu isigande kwenye kanula. Kwenye pampu zetu fundi ameiweka 1 ml/h. "Kuacha mshipa wazi", kama ilivyokuwa katika toleo la kwanza, ilisikika kama jeraha. Tahadhari: kama dawa ilikuwa inakwenda 8 ml/h, sasa inakwenda 1. Mgonjwa wa dopamini anapoteza presha huku skrini ikisema imemaliza kazi yake vizuri.

PUMP UNATTENDED
*Pampu inasubiri uamuzi wako. Njano.*

Umeweka namba na hukubonyeza START. Tafsiri ya awali ilikuwa "pampu imetelekezwa", na wahusika waliona wanatuhumiwa.

CHECK SET / FLOW ERROR
*Seti si yake au haikukaa vizuri. Nyekundu.*

Pampu inahesabu maji kwa upana wa mrija inaoujua. Seti ya kampuni nyingine inaweza kuingia mlangoni na ikapeleka kiasi tofauti na skrini, tena bila alamu hii kulia. Tumia seti zenye alama ya bluu kutoka kwenye kabati la stoo. Zikiisha, rudi kwenye dripu ya kawaida kwa dawa zinazoruhusu hivyo, usilazimishe.

LOW BATTERY (njano) na BATTERY DEPLETED (nyekundu)
*Betri inapungua. Betri imekwisha, pampu inazima.*

Betri za pampu hizi zilikuja zimechoka. Saa zinazoonyeshwa kwenye skrini usiziamini. Pampu ikae kwenye umeme hata ikiwa imezimwa stoo.

Umeme ukikatika na betri ikaisha, maji ya kawaida yahamie kwenye dripu ya mkono:

```
matone kwa dakika = (ml/h × matone kwa ml) ÷ 60
```

Seti ya matone 20 kwa ml: gawa kasi kwa 3. Kwa hiyo 60 ml/h ni matone 20 kwa dakika. Seti ya watoto ya matone 60: namba ni ileile, 15 ml/h ni matone 15. Soma pakiti kabla ya kuhesabu, ziko seti za matone 15. Adrenalini, dopamini, insulini na potasiamu zisihamishiwe kwenye matone kwa uamuzi wako peke yako. Chukua pampu ya kitanda chenye maji ya kawaida, na mwite daktari.

SYSTEM ERROR na namba
*Hitilafu ya ndani. Nyekundu.*

Funga kibano, toa mrija, badilisha pampu. Andika namba ya hitilafu na kasi iliyokuwepo, bandika karatasi ya "MBOVU", mpelekee fundi wa vifaa tiba. Kuizima na kuiwasha ikatulia si kupona. Isirudi kwa mgonjwa.

Mambo ambayo pampu hailii

Sehemu hii haimo kwenye kitabu cha mashine. Tumeiongeza kwa ombi la zamu ya usiku.

Kanula ikitoka nje ya mshipa, pampu huendelea kusukuma maji kwenye nyama. Nyama laini haileti presha ya kutosha kuamsha alamu. Gusa mkono wenyewe, linganisha na wa pili. Mrija ukichomoka kwenye kanula, pampu inalowesha godoro kwa uaminifu kabisa. Ukibonyeza 15 badala ya 1.5, pampu zetu hazina kikomo cha dawa, zitatii. Wakati wa kukabidhiana zamu someni kasi kwa sauti, "moja nukta tano", mmoja akitazama skrini na mwingine faili.

Ukikuta maneno ya skrini yasiyomo humu, yaandike herufi kwa herufi kwenye daftari la vifaa, pamoja na rangi ya taa. Yataingia toleo la tatu.