Koti la mvua

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Bibi, shikamoo. Mama mkubwa, mjomba, mashangazi zangu, majirani wa Barabara ya 14, na nyinyi mliotoka Pangani, Muheza na Dar es Salaam, karibuni sana nyumbani. Mji wetu huu wa Tanga wanausema ni mji wa waja leo waondoka leo, lakini nimepita ukumbini nikaona mabegi yamepangwa na magodoro yametandikwa mpaka uani. Alhamdulillahi. Leo hatuondokewi na mtu.

Baba, shikamoo.

Wadogo zangu wamenipa nafasi ya kusema kwenye shughuli hii ya Baba kustaafu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na wameniambia nisiongee sana, biriani lisije likapoa. Nitasema kisa kimoja tu, halafu nitamshukuru Baba kwa jambo moja tu. Yako mengi ya kumshukuru mzazi, ada, chakula, mavazi, na wenzangu wakitaka watayasema. Mimi nina langu nililokaa nalo miaka 23.

Kabla sijaanza, mjue kwamba nimemwomba Baba ruhusa. Juzi usiku, tukiwa tumekaa hapa hapa uani, nilimwambia, "Baba, nataka kusema habari ya koti la mvua." Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Iseme tu mwanangu. Si siri. Watu walisikia siku ile ile."

Wadogo zangu na wajukuu, nyinyi leo mkienda bandarini mnaona meli imefunga gatini, maana bandari yetu imechimbwa kufika kina cha mita 13. Baba hakuianza kazi hivyo. Zamani meli ilitia nanga nje huko, mbali zaidi ya kilomita moja, na mzigo ukashushwa kwenye matishari ndipo uvutwe mpaka nchi kavu. Karani wa tali kama Baba alipanda boti alfajiri au usiku, jua au mvua, akapanda melini, akasimama na daftari lake akihesabu. Mifuko ya mbolea ikishuka, anapiga mstari. Robota za mkonge zikipanda, anapiga mstari. Mistari minne, wa tano unakata. Shifti nzima amesimama.

Na daftari la tali halina raba. Baba alitufundisha hilo tukiwa wadogo, kwenye madaftari yetu ya hesabu. Karani akikosea hafuti wala hapaki rangi. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, anaandika sahihi pembeni, anatia saini yake. Nilidhani ni sheria ya bandarini tu.

Basi, mwaka 2002, vuli imeshika. Mimi nipo darasa la tano. Mama yupo kwenye mchezo na kina mama wenzake wa mtaa, na zamu ile fedha zilitakiwa zifike kwa kijumbe, Barabara ya 20. Shilingi elfu kumi na tano, noti mbili, ya elfu kumi na ya elfu tano. Jumatatu jioni Mama akampa Baba azipitishe akitoka shifti ya usiku. Jumanne Baba akaamka mchana, akatafuta fedha, hakuna. Alikuwa na yakini kwamba aliziweka juu ya redio.

Nani alipita sebuleni? Mimi. Nilikuwa nimetoka shule, nimepita kubadili nguo niende madrasa. Na vidole vyangu na midomo vilikuwa vyekundu kwa ubuyu, kwa sababu mjomba alinipa shilingi mia asubuhi. Mjomba huyo amekaa pale, anajua. Lakini siku ile alikuwa ameshaondoka kwenda Korogwe, hakuwepo wa kunishuhudia.

Baba aliniuliza mara ya kwanza, nikasema sijazichukua. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa ameshanitoa nje barazani, na baraza ya nyumba yetu mnaijua, alasiri haikosi watu. Wapo waliokuwa wanacheza bao. Yupo shangazi anachambua mchele. Yupo babu wa duka la pembeni, alikuja kunywa kahawa. Watoto wenzangu wamesimama na juzuu zao wakinisubiri. Mbele ya wote hao Baba akasema, "Sikulea mwizi mimi."

Hakunipiga. Nataka hilo lieleweke. Hakuninyooshea hata kidole. Lakini jina lile liliniganda. Nilikwenda madrasa nikakuta limeshafika kabla yangu. Jumatano mwenzangu niliyekaa naye dawati moja aliuvuta mkoba wake akauweka upande wa pili. Alhamisi nilitumwa chumvi dukani, nikaona babu ananiangalia mikono. Sikuwa na la kumfanyia mtu. Unamwambiaje mtu hujaiba, wakati baba yako mwenyewe kesha sema?

Ijumaa alfajiri mvua ikanyesha. Baba akalitoa koti lake la mvua msumarini, lile la kijani lililotiwa viraka viwili mgongoni, akaenda zake bandarini. Wamo ndani ya boti, wako katikati ya maji wanaelekea melini, akaingiza mkono mfuko wa ndani. Noti mbili. Alizitia mwenyewe Jumatatu usiku zisilowe.

Mama ndiye aliyenihadithia nilipokuwa mkubwa kwamba siku hiyo Baba alikosea hesabu mara mbili, na hajawahi kukosea mara mbili shifti moja.

Sasa nawaomba mfikirie. Alikuwa na njia nyingi. Angeweza kumpa Mama fedha kimya kimya yakaisha. Angeweza kuniita chumbani akaninunulia viatu. Angeweza kusema, "Fedha zimeonekana," tu hivyo, kama vile zilitembea zenyewe. Wazazi wengi wema wangefanya hivyo, na hakuna ambaye angewalaumu.

Baba alirudi alasiri, hajavua hata koti, linachuruzika maji. Akaniita barazani. Akangoja mpaka watu wakatimia. Aliyekuwa hajafika, alimtuma mdogo wangu akamwite. Akasimama pale pale aliposimama Jumanne, akasema maneno haya, na mimi nayakumbuka kama yalivyo:

"Jumanne nilisimama hapa nikamwita mwanangu mwizi, na nyinyi mlinisikia. Fedha nimezikuta kwenye koti langu. Nilizitia mimi. Mwizi hakuwepo. Waliolibeba neno lile wakalifikisha kwao, leo nawaomba walibebe na hili."

Halafu akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Rehema, nimekukosea. Niwie radhi."

Jamani, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimefundishwa kuamkia, nimefundishwa kupokea kwa mikono miwili, nimefundishwa kuomba radhi. Hakuna aliyenifundisha mtu mzima akikuomba radhi unamjibu nini. Nikabaki nimesimama. Ni Bibi aliyesema kutoka mlangoni, "Mjibu baba yako, mwanangu. Sema nimekusamehe." Nikasema. Baba akaniambia, "Ahsante."

Yupo mzee mmoja pale barazani, Mungu amrehemu, hakupendezwa. Akamwambia Baba kwamba mtu mzima hamwombi radhi mtoto mbele za watu, atamharibu. Baba akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, nilimvunja hadharani. Siwezi kumuunga chumbani."

Kisha, na hapa ndipo ninapompendea Baba hata leo nikikumbuka, hakuona kwamba yameisha. Alinipandisha kwenye keria ya baiskeli yake. Tukaenda dukani, kwa mke wa babu aliyekuwa hakutoka siku ile. Akamwambia. Tukaenda madrasa, akamwomba Ustadhi dakika mbili, akawaambia watoto wote. Tukaenda Barabara ya 20 kwa kijumbe, akatoa zile noti mbili bado zimelowa, akasema na pale. Mvua inatunyeshea, na koti kanivisha mimi, limenifika miguuni. Kila mahali neno lile lilipofika, na yeye alifika. Alifanya tali. Alihesabu mpaka gunia la mwisho.

Jumamosi mwenzangu wa madrasa alinigawia ubuyu wake.

Baba, watu wanadhani mtoto akimwona baba yake amekosea, heshima inapungua. Mimi nakwambia mbele ya jamaa zako kilichotokea kwangu. Nilipopata daraja la nne kidato cha nne, wenzangu walijificha kwa mashangazi zao. Mimi nilitembea kwa miguu mpaka lango la bandari nikakusubiri utoke shifti, nikakwambia mwenyewe. Nilipoyumba katika ndoa yangu ya kwanza, nilikuja kwako kabla sijakwenda kwa rafiki. Sijawahi kukuogopa kwa ukweli, Baba, hata siku moja. Nilijua nikija kwako na kosa, nakuja kwa mtu anayejua kosa ni kitu gani na linaandikwaje.

Mwezi huu umetimiza miaka 60, na serikali imekwambia pumzika. Wenzako watakushukuru kwa kazi uliyofanya bandarini. Mimi nakushukuru kwa saa moja ya Ijumaa ile, ya mvua ile.

Ahsante, Baba, kwa kuniomba radhi.

Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilisema "nimekusamehe" kwa kuelekezwa na Bibi. Sikujua uzito wake. Leo nina miaka 34, nina wanangu wawili wamekaa pale mbele na juisi zao, na nimeshawakosea wote wawili, na nimeshawaomba radhi wote wawili. Kwa hiyo naomba nilirudie bila kuelekezwa na mtu: nimekusamehe, Baba. Tangu siku ile, na kwa moyo wangu wote.

Babu wa duka, umekaa hapo kiti cha mbele. Jumanne ulikuwepo, Ijumaa ulikuwepo, na leo Mwenyezi Mungu amekuweka upo. Ukitoka hapa ukakutana na mtu barabarani, mwambie na hili.

Sasa namwomba Ustadhi atuongoze kwa dua, kisha vijana mlete maji ya kunawa.