Merikebu Isiyongoja Kusi

"Inaungua!" Mize alipiga ukelele, akaliacha dema alilokuwa akilisuka.

Baba yake hakuinua kichwa. Alikuwa akifunga ndubi kwenye ngarawa mpya, iliyochongwa kwa gogo la mwembe ulioangushwa na kimbunga cha Aprili. Ile ya zamani haikuonekana tena. Kimbunga kile cha mwaka 1872 kilivunja majahazi bandarini, kikalaza mikarafuu na minazi ya Unguja, na tangu hapo mtu wa Funguni akisikia kelele huangalia mbingu kwanza.

Mbingu ilikuwa safi. Mwaka ulikuwa unakwisha, kaskazi imeshaanza kuvuma, na upande inakotoka palikuwa na mstari wa moshi mweusi juu ya maji.

"Haiungui," alisema baba. "Hiyo ndiyo merikebu ya barua wanayoisema forodhani."

Manowari zenye dohani wazee walikwisha kuziona. Hii ilikuwa ya kwanza ya namna nyingine: ya kampuni ya British India, itokayo Adeni na kurudi Adeni kila mwezi, abiria na barua ndani yake.

Watu walijaa ufukweni. Nahodha Saidi, mtu wa Suri huko Omani, ambaye jahazi lake lilipasuka mbavu siku ya kimbunga, alisimama kando na bakora yake. Matengenezo yalikawia mpaka kusi ikampita, na sasa hana budi kungoja kusi ya mwakani ndipo arudi kwao.

"Kuja na kaskazi hata kifuu cha nazi huja," alisema. "Tutaiona kurudi."

Merikebu ilipokaribia, Mize alitafuta matanga. Yalikuwa yamekunjwa yote, na chombo kinakwenda. Mngurumo wake aliusikia miguuni kabla ya masikioni. Kisha mawimbi yake yakafika pwani, yakalinyanyua dema na kulipeleka majini, naye akalikimbilia huku nguo imelowa hadi magotini. Watoto wakamcheka.

Kesho yake kaka yake aliamka na homa, ikabidi yeye ashike kafi. Mamake alinung'unika, lakini walikuwa na changu wabichi kikapuni na mabaharia wale walikuwa na fedha.

Kwa karibu, merikebu ilikuwa na kutu. Jambo hilo lilimshangaza Mize kuliko dohani. Ubavuni palifungwa tishari la makaa, na mahamali walipanda ubao mmoja, wakashuka mwingine, makapu mabegani. Vumbi la makaa lilishikamana na jasho lao hata nyuso zote zikawa moja. Mmoja alimwita kwa jina, naye hakumjua mpaka alipocheka: Feruzi, jirani yao, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa ujira wa siku. Sehemu kubwa ya ujira ule hakuishika yeye. Na Waingereza hao hao manowari zao zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa baharini.

"Mwaka mzima tunalipa deni la kimbunga," alisema baba, akitazama juu, "na hili linakula makaa ya shamba zima kwa safari moja."

"Kwa hiyo nalo linangoja," alisema Mize.

"Linangoja nini?"

"Feruzi."

Baba akamtazama, asiseme kitu, akamnyooshea mpishi kikapu cha samaki. Walipata bei nzuri kuliko ya sokoni, baada ya kubishana kwa vidole kwa muda mrefu.

Jioni Nahodha Saidi alikuja nyumbani kwao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipiga hodi, akakaa barazani, akauliza hali ya mgonjwa, akanywa kahawa vikombe viwili. Akazungumza habari za ngarawa, mwembe unavyochongeka, na maji ya bamvua. Mize alikuwa ukumbini akisikiliza, akijua kwamba mtu mzima akizunguka hivyo ana haja.

"Hiyo ya moshi," alisema nahodha mwishowe, "inaondoka keshokutwa?"

"Wanasema hivyo."

"Kuelekea kaskazini. Na pepo hizi."

"Ndivyo wanavyosema, nahodha."

Akanyamaza, akageuzageuza kikombe. Mkewe alikuwa na mimba alipomwacha Suri, na mtoto, akiwa hai, sasa alikuwa anatambaa. Kutoka Adeni hadi Suri njia si haba, lakini majahazi ya huko hayakosekani.

"Nina mzigo mmoja tu," alisema. "Utanifikisha pale ubavuni? Alfajiri, kabla mabaharia wangu hawajaamka."

Baba alikuna ndevu. Mize akaona anavyojizuia kucheka.

"Nitakufikisha, nahodha. Lakini Mize ndiye mwenye kafi siku hizi. Patana naye."

Akatoka ukumbini, mtandio umekaa vizuri kichwani, akataja bei.