Ombi la kufutiwa madai ya kodi kwa mstaafu mwenye kipato kilicho chini ya kiwango

Zuhura M. Salim
Muuguzi mstaafu
15 Desemba 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Madeni,
Mamlaka ya Kodi.

Ndugu Meneja,

YAH: HATI YA MADAI NA. 4471/2024 YA SHILINGI 19,891.20 – OMBI LA KUIFUTA NA PINGAMIZI RASMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mstaafu wa miaka 68. Tarehe 11 Desemba 2025 nilipokea hati yenu ya tarehe 28 Novemba 2025 inayonidai kodi ya mapato ya mwaka 2024. Naomba hati hiyo ifutwe yote, yaani kodi, adhabu na riba, kwa kuwa kipato changu cha mwaka huo hakikufika kiwango cha kuanza kutozwa kodi. Kwa vile hati inatoa siku 30 za kupinga, naomba pia barua hii ipokelewe kama pingamizi langu rasmi, ndani ya muda.

Kipato chenyewe ni hiki. Pensheni yangu ni shilingi 19,400 kwa mwezi, na mwaka 2024 haikupanda wala kushuka. Kwa miezi 12 ni shilingi 232,800. Akiba yangu ya benki ilizaa faida ya shilingi 3,150. Sina nyumba ya kupangisha, sina biashara, sina ajira. Wanangu hunitumia fedha za matumizi wanapojaliwa. Hizo sikuzihesabu kama kipato, ila nazitaja nisije nikaonekana nimeficha kitu. Jumla ya kipato changu ni shilingi 235,950. Nyuma ya hati yenu mmeandika kwamba kodi huanza kutozwa kipato kikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka. Nimepungukiwa na shilingi 52,050 kukifikia kiwango hicho.

Hati yenu lakini inasema nilipata pensheni ya shilingi 465,600. Niliposoma tarakimu hiyo nilidhani ni ya mtu mwingine, mpaka nilipoigawa kwa mbili. Nusu yake ni shilingi 232,800 kamili, bila senti kuzidi wala kupungua. Ni pensheni yangu ileile, imehesabiwa mara mbili.

Nadhani najua ilivyotokea. Hadi Juni 2024 pensheni yangu ililipwa na mfuko wa zamani. Kuanzia Julai wastaafu wa kundi letu tulihamishiwa mfuko mpya. Kila mfuko ulinilipa miezi sita, shilingi 116,400. Lakini taarifa za mwisho wa mwaka nilizopewa na mifuko hiyo, ambazo nimeziambatanisha kama kiambatisho A na B, kila moja imeandika malipo ya mwaka mzima. Ninyi mlipozipokea mkazijumlisha. Siwalaumu kwa kujumlisha, maana ndivyo zilivyowafikia. Ninachoomba ni kwamba mkishaonyeshwa kosa, mlirekebishe.

Ushahidi wa fedha zilizoingia kweli ni taarifa ya benki ya Januari hadi Desemba 2024 (kiambatisho C). Pensheni yangu haijawahi kupitia akaunti nyingine. Nimepiga mstari chini ya kila muamala wa pensheni: ni 12, wala si 24. Nimeambatanisha pia barua ya mfuko wa zamani (kiambatisho D) inayokiri kwamba malipo yao ya mwisho kwangu yalikuwa ya Juni.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31. Wodini, zamu zinapopokezana, ndipo makosa ya namna hii hutokea: wa mchana ameandika dozi, wa usiku naye ameiandika, na karatasi inaonyesha mgonjwa anastahili mbili. Tulifundishwa kwamba ukiona dozi ileile imejirudia, simama kwanza, uliza, ndipo uguse sindano. Laiti mtu mmoja angeiangalia tarakimu yangu kwa jicho hilo kabla hati haijatumwa.

Tarehe 12 Desemba nilifika dirishani kwenu na karatasi zangu zote. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, namshukuru, lakini alinishauri nilipe kwanza, kisha niombe kurejeshewa. Ushauri huo siwezi kuufuata. Deni mnalonidai linazidi pensheni yangu ya mwezi mzima kwa shilingi 491.20. Nikilipa, mwezi huo sina dawa za presha wala chakula, na sijui marejesho yatachukua miezi mingapi. Na hata ningekuwa nazo fedha hizo, nisingependa kulipa. Kiwango cha kipato kisichotozwa kodi kiliwekwa ili mwenye kidogo aachiwe kidogo chake. Ukimtaka alipe kwanza ndipo athibitishe kwamba hakustahili kulipa, umekwisha mnyang'anya kinga hiyo siku ileile aliyoihitaji.

Kuhusu adhabu ya shilingi 888 na riba ya shilingi 1,243.20, zote mbili zimekokotolewa juu ya kodi ya shilingi 17,760. Kodi hiyo ikifutwa, nazo hazina pa kusimama. Naomba zifutwe pamoja nayo, zisibaki kwenye akaunti yangu ya mlipakodi zikiendelea kuzaa.

Hati inasema pia kwamba sikuwasilisha ritani ya mwaka 2024. Ni kweli. Nilipostaafu niliambiwa kwenye dawati lenu kwamba mwenye pensheni pekee iliyo chini ya kiwango hahitaji kuileta, nami nikaamini. Sina karatasi ya maneno hayo, kwa hiyo siyatumii kama utetezi. Nimejaza ritani hiyo sasa na kuiambatanisha kama kiambatisho E, na nitaileta kila mwaka kama ndivyo mnavyotaka.

Jambo linaloninyima usingizi ni aya ya mwisho ya hati, kwamba baada ya siku 30 mnaweza kuiagiza benki ikate fedha hizo. Akaunti yangu ni moja tu, na ndiyo inayopokea pensheni. Siku hizo zinaisha tarehe 28 Desemba. Nawasihi msimamishe hatua yoyote ya ukusanyaji kuanzia siku mtakayopokea barua hii hadi pingamizi litakapoamuliwa, na mnijulishe kwa maandishi kwamba mmesimamisha. Hata barua ya mistari miwili inanitosha.

Mkishafuta, naomba pia kumbukumbu zenu zisahihishwe zionyeshe pensheni ya shilingi 232,800 kwa mwaka 2024, na mifuko yote miwili itakiwe kuleta taarifa zilizorekebishwa. Tuliohamishwa Julai tulikuwa wengi. Wapo wenzangu wasioona vizuri, na wapo watakaolipa kwa hofu tu bila kuuliza. Tafadhali angalieni na majalada yao.

Iwapo mtaona ombi langu halikubaliki, naomba mnieleze kwa maandishi ni kipato gani hasa mnachosema nilipokea, kutoka kwa nani na tarehe ipi, ili niweze kukata rufaa nikijua ninachojibu. Niko tayari kufika ofisini siku yoyote mtakayoniita, na nakala halisi za karatasi zote ninazo.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwenye mfuko mpya wa pensheni.

Wako mtiifu,

Zuhura M. Salim

Viambatisho: A hadi E, pamoja na nakala ya hati ya madai na ya kitambulisho changu.