Mashine ya Mealy na mashine ya Moore: kigunduzi cha 101 chenye mpandano
Maelezo haya yasomwe kabla ya zoezi la maabara na wanafunzi wetu wa elektroniki hapa Lubumbashi. Tunataka saketi inayopokea biti moja, x, kwa kila pigo la saa, na kutoa z = 1 kila biti tatu za mwisho zinapokuwa 101. Mpandano unakubaliwa: katika 10101 ruwaza inapatikana mara mbili, kwa kuwa 1 ya katikati inamaliza ya kwanza na papo hapo inaanzisha ya pili.

Kabla ya kuchora lango lolote, jiulizeni saketi inalazimika kukumbuka nini. Katika mashine ya aina aliyoieleza George Mealy mwaka 1955, tokeo hutegemea hali pamoja na ingizo la wakati huo, kwa hiyo hali tatu zinatosha: A, hakuna kilichoanza, B, tumeishia na 1, C, tumeishia na 10.

```
hali   x=0   x=1
A      A/0   B/0
B      C/0   B/0
C      A/0   B/1
```

Mstari wa C ndio moyo wa zoezi. Baada ya kupata 101 tunarudi B, wala si A, maana 1 iliyopokelewa sasa bado ina kazi; anayerudi A amejenga kigunduzi kisicho na mpandano. Mkiandika hali kwa mpangilio wa Q1Q0, yaani A=00, B=01 na C=10, flipflopu mbili za aina ya D zinapata milinganyo mifupi ya kupendeza:

```
D0 = x
D1 = Q0·x'
z  = Q1·x
```

Edward Moore, mwaka 1956, alieleza mashine ambayo tokeo lake hutegemea hali peke yake. Hapo B haiwezi kutoa 0 na 1 kwa zamu, hivyo tunaongeza hali D=11 yenye tokeo 1: C ikipokea 1 huenda D, na D huenda C kwa 0 au B kwa 1.

```
D0 = x
D1 = Q0·x' + Q1·Q0'·x
z  = Q1·Q0
```

Idadi ya flipflopu haikubadilika. Tofauti kubwa ni wakati. Mealy hutoa 1 mara biti ya tatu inapofika, lakini x ikiyumba katikati ya mapigo, z huyumba nayo. Moore husubiri pigo linalofuata, na tokeo lake haliguswi na mtikisiko wa x. Kwa z inayowasha mtambo mwingine, mimi huchagua Moore.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, flipflopu zinaweza kuamka katika 11, na saketi ya Moore itatoa 1 kabla ya kupokea biti hata moja. Kwa hiyo, katika saketi zote mbili, unganisheni kwanza waya wa kurudisha hali A.