Ombi la Kuongezewa Siku 7 za Likizo

Issa Ramadhani Kabuka,
Mtunza Ghala,
Kwa sasa: Kigoma Mjini.

17 Septemba 2025

Meneja,
Ghala la Pembejeo za Kilimo,
TABORA.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SIKU 7 ZA LIKIZO, TAREHE 22 HADI 28 SEPTEMBA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa barua yako ya tarehe 1 Septemba uliniruhusu likizo ya siku 14, kuanzia Jumatatu tarehe 8 hadi Jumapili tarehe 21, ili nije nyumbani Mwamgongo kwa arobaini ya marehemu baba na kumaliza shughuli za mirathi. Nilitakiwa kuripoti kazini Jumatatu tarehe 22. Naomba niongezewe siku 7, hadi Jumapili tarehe 28, na niripoti Jumatatu tarehe 29 Septemba asubuhi.

Arobaini ilisomwa Alhamisi tarehe 11 na ilikwisha salama. Mama ameniagiza niwafikishie shukrani kwa rambirambi mliyochanga pale ghalani. Ilinunua mchele wote wa siku ile.

Kilichobadilika kimetokea mahakamani. Ukoo ulikwisha kumteua kaka yangu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na ombi lake liko Mahakama ya Mwanzo hapa Kigoma tangu mwezi uliopita pamoja na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Lilipangwa kusikilizwa jana, Jumanne tarehe 16, na ndiyo maana niliomba siku 14 na si zaidi. Tulitegemea kutoka pale na barua ya usimamizi, mimi nipande basi mwisho wa wiki. Badala yake, mtu aliyekuwa akivua dagaa na marehemu kwa ushirika aliweka pingamizi. Anasema injini ya boti, ile ya farasi 40 iliyoorodheshwa kwenye mali za marehemu, ni yake. Hakimu amepanga kulisikiliza pingamizi hilo Alhamisi tarehe 25 Septemba.

Mimi ndiye shahidi wa injini hiyo. Mwaka 2021 nilitoa zaidi ya nusu ya fedha zake, nikaenda dukani na baba hapa mjini, na karatasi ya manunuzi tukaiandikisha kwa jina lake mbele ya macho yangu. Kaka hakuwepo. Mama anajua habari ya kusimuliwa tu. Jina langu limo kwenye samansi, na nakala yake nimeiambatisha ili usilazimike kuniamini kwa maneno matupu. Nisipofika, familia itabaki na karatasi isiyo na mtu wa kuieleza, na injini ndiyo inayolisha nyumba ile. Michikichi ya baba inatoa mawese kwa msimu. Boti ndiyo inayoleta hela ya kila wiki, na sasa imefungwa ufukweni mpaka jambo hili liamuliwe.

Nilifikiria kurudi Tabora kuripoti tarehe 22 kisha niombe ruhusa ya siku mbili tatu. Nikipiga hesabu naona haina maana kwako wala kwangu. Mwamgongo haina barabara ya gari. Mtu anatoka kwa boti hadi Kibirizi, analala mjini, anapanda basi alfajiri kupitia Uvinza na Kaliua, na ziwa likichafuka boti haiondoki siku hiyo. Ningefika ghalani Jumatatu, na Jumanne ningekuwa tena njiani. Nauli ni yangu, lakini wewe ungekuwa na mtunza ghala wa jina tu.

Kuhusu hesabu ya siku zenyewe: kati ya siku zangu 28 za likizo ya mwaka, ulizoidhinisha ni 14, kwa hiyo zimebaki 14. Naomba hizi 7 zikatwe humo, zibaki 7. Siku 4 za msiba ambazo sheria ya ajira inatupa nilikwisha kuzitumia Agosti wakati wa mazishi, hivyo siziombi tena. Kama kwa sababu za kiofisi huwezi kuzikata kwenye likizo ya mwaka, niko tayari zihesabiwe bila malipo, na mhasibu aandike hivyo kwenye mshahara wa Septemba.

Najua wiki ninayoiomba si nyepesi. Mvua za Novemba zinakaribia, wakulima wameanza kuulizia mbolea ya kupandia, na lori la DAP linategemewa kati ya tarehe 23 na 25. Jana jioni nilizungumza kwa simu na Bi. Zuhura, naye amekubali kuendelea kushika funguo na leja hadi nirudi. Anaujua mzigo. Mambo machache tu ningependa uyajue na wewe:

Safu ya CAN iliyo karibu na mlango wa nyuma iliingia Machi. Hiyo itoke kwanza, hata kama wabebaji watataka kuchukua mifuko ya mbele kwa sababu ni karibu na gari. Wakiachiwa watafanya hivyo kila siku. DAP mpya isishushwe sakafuni. Chaga kumi na mbili ziko nyuma ya magunia ya mbegu za mahindi, zimefunikwa turubai. Lori likifika, mifuko ihesabiwe ikiwa inashuka, si baada ya kupangwa, na mfuko uliochanika uandikwe kwenye hati ya dereva kabla hajasaini. Simu ya kuskani mifuko ya ruzuku iko kwenye droo ya mhasibu, na Kija ameshaitumia mara nyingi. Kufuli la mlango wa nyuma linahitaji kusukumwa juu kidogo ndipo ufunguo uzunguke. Nilisema libadilishwe tangu Juni.

Kuhesabu mali kwa mwisho wa mwezi ni Jumanne tarehe 30, na nitakuwepo. Sitaomba mtu mwingine anifanyie hiyo.

Ikiwa siku zote 7 haziwezekani, naomba angalau hadi Ijumaa tarehe 26. Kesi ikisikilizwa Alhamisi, naweza kupanda basi la Ijumaa alfajiri na kuripoti Jumamosi tarehe 27 kwa ile nusu siku. Tarehe 25 yenyewe ndiyo nisiyoweza kuisogeza. Na kama hakimu ataahirisha tena, sitaomba nyongeza nyingine. Nitarudi kazini na familia itatafuta namna.

Naomba jibu lako ifikapo Ijumaa tarehe 19 jioni, kwa sababu ombi likikataliwa ni lazima niondoke Kigoma Jumamosi ili niwahi Jumatatu. Barua hii nimeipiga picha na kuituma kwenye WhatsApp yako leo, na nakala halisi nimempa kondakta wa basi la kesho, ataiacha kwa mlinzi getini. Hadi Ijumaa nipo hapa mjini kwa shangazi na simu iko hewani muda wote. Nikivuka kwenda Mwamgongo mtandao ni wa kubahatisha, hivyo ujumbe mfupi ndio utakaonifikia kuliko kupiga.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Issa Ramadhani Kabuka
Mtunza Ghala

Viambatisho: nakala ya samansi ya tarehe 16 Septemba 2025, nakala ya barua ya ruhusa ya likizo ya tarehe 1 Septemba 2025.

Nakala: Mhasibu, Bi. Zuhura, Ghalani.